Wanaandika Nini Wanapotafuta Chapati?

Mtu aliyesimama jikoni na unga kilo moja mbele yake haandiki YouTube "Chapati zangu za Jumapili". Anaandika "jinsi ya kupika chapati laini", na kama jana zilimtoka ngumu kama ngozi ya viatu, huenda akaandika "kwa nini chapati zangu zinakuwa ngumu". Mpishi aliyezirekodi chapati zake vizuri, kwa mwanga mzuri na sauti safi, kisha akazipa jina la Jumapili, amejificha kwa mtu huyu. Ndugu na rafiki watamtazama wiki ya kwanza kwa sababu amewatumia kiungo kwenye WhatsApp. Wiki ya pili video itanyamaza.

Video za mafunzo zina maisha tofauti na video za habari au vichekesho. Kichekesho hupanda siku mbili tatu kikashuka. Chapati hupikwa mwaka huu na zitapikwa mwaka ujao, na kila mwezi wapo wanaozipika kwa mara ya kwanza: msichana aliyehamia chuo, kijana anayefungua kibanda cha chai, Mswahili aliyeko Muscat au London asiye na mama wa kumuuliza. Hao wote huanzia kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa hiyo anayetaka video yake itazamwe miaka mitatu au mitano anapaswa kwanza kujua wanachokiandika mle, neno kwa neno, kabla hata hajawasha kamera.

Tuchukue chapati hizo hizo tuzifuate tangu mwanzo. Tuseme yuko mpishi wa Tanga mwenye chaneli changa, anataka kurekodi somo moja la chapati.

Hatua ya kwanza haihitaji pesa wala programu ya kununua. Afungue kivinjari cha simu kwa njia ya faragha, ile ambayo kwenye Chrome huitwa Incognito, aingie YouTube bila akaunti yake. Akitumia akaunti yake, historia yake mwenyewe huingia kwenye mapendekezo, akaishia kuona mambo anayoyapenda yeye badala ya yale wanayouliza wengine. Kisha aandike "jinsi ya kupika chapati" na asibonyeze kutafuta. Chini ya kisanduku itashuka orodha ya maneno yanayoendeleza alichoandika. Orodha hiyo hutokana na yale ambayo watu wamekuwa wakiyatafuta, na ndiyo hazina ya kazi yote.

Baada ya hapo aache nafasi moja na kuongeza herufi: a, halafu b, halafu ch, na kuendelea. Kila herufi huleta viendelezo vingine. Atakutana na vya aina hii: chapati laini, chapati za maji, chapati za kusukuma, chapati za kuchambuka, chapati bila mayai, chapati za biashara, chapati za nazi. Aviandike vyote kwenye daftari. Halafu arudie akianza na "namna ya", na "mapishi ya chapati", na "chapati" peke yake, kwa sababu si kila mtu huanza na "jinsi ya". Mwisho amwombe jamaa aliyeko Mombasa au Nairobi afanye vivyo hivyo kwenye simu yake na kumpigia picha ya skrini, maana mapendekezo hubadilika kulingana na nchi na lugha ya simu. Huko Kenya atakuta wapo wanaoandika "chapo", na wengi wanaochanganya na Kiingereza: "soft chapati", "layered chapati". Kutoka Uganda huenda ikaja "rolex", ambayo ni chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa hiyo hilo ni somo jingine kabisa.

Hapo ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe huzaliwa na furaha ya kupata maneno mengi. Mpishi huona maneno kumi na tano akataka video moja iyabebe yote. Lakini maneno hayo ni maswali, na watu tofauti ndio wanaoyauliza. Anayetafuta chapati za maji anataka uji mwepesi wa unga unaomiminwa kwenye kikaango. Akiletewa donge linalosukumwa kwa kifimbo, ataondoka ndani ya sekunde kumi. Anayetafuta chapati za biashara anataka kujua kilo moja hutoa chapati ngapi, za ukubwa gani, na abakishe kiasi gani baada ya kutoa gharama ya mafuta na mkaa. Anayetafuta chapati laini anataka kitu kimoja tu, zisimkaukie. Ni watazamaji watatu hao, na kila mmoja anastahili video yake.

Kuondoka kwa sekunde kumi kuna gharama kubwa kuliko inavyoonekana. YouTube wenyewe wameeleza kwamba katika kupanga majibu ya utafutaji huangalia mambo matatu makuu: kama kichwa, maelezo na video yenyewe vinaendana na kilichoulizwa, kama waliouliza swali hilo wamekuwa wakiitazama video hiyo kwa muda wa kuridhisha, na ubora wa chaneli katika mada husika. Jambo la pili ndilo linaloamua umri wa video. Neno lililowekwa ili kuvuta watu ambao video haiwajibu huleta wanaofungua na kufunga, na wakizidi kufunga, video hushuka hata kwa lile swali ambalo ingeweza kulijibu vizuri.

Basi mpishi wetu achague swali moja. Namna nzuri ya kuchagua ni kutafuta kila neno la daftarini na kutazama video tano au sita za juu. Asiangalie idadi ya watazamaji peke yake. Aangalie zimepandishwa lini, na kama kweli zinajibu swali. Akikuta majibu ya juu ya "chapati laini za kusukuma" ni ya chaneli kubwa, mapya, tena yamefafanua vizuri, ajue pana msongamano. Akikuta kwamba video ya juu ina miaka sita, picha yake ina ukungu, na msemaji hakutaja hata mara moja kiasi cha maji, hapo pana nafasi. Asome pia maswali ya watazamaji chini ya video hizo. Watu wakiuliza tena na tena "maji kiasi gani?", "unga unalala muda gani?", "naweza kutumia maziwa?", basi wamemwandikia mpishi mpango wa somo bila kujua.

Kuna chombo kingine cha bure, Google Trends. Ukiandika neno, ukachagua nchi, kisha ukabadilisha sehemu iliyoandikwa Web Search kuwa YouTube Search, unaona jinsi utafutaji wa neno hilo ulivyopanda na kushuka, hadi nyuma mwaka 2008. Namba zake huenda kuanzia 0 hadi 100, na wengi huzisoma vibaya. Hiyo 100 haina maana ya watu mia. Ni kilele cha neno hilo ndani ya kipindi ulichochagua, na nyingine zote hupimwa kwa kilele hicho. Kwa Kiswahili, chombo hiki kina udhaifu wa wazi: ukiandika sentensi ndefu kama "jinsi ya kupika chapati laini", mara nyingi utaambiwa hakuna data ya kutosha. Andika neno fupi, "chapati" tu au "sambusa" tu, uone majira yake.

Kuhusu programu zinazouza makadirio ya idadi ya watu wanaotafuta neno kwa mwezi, tahadhari moja inatosha. YouTube haitangazi idadi hiyo, kwa hiyo kila namba unayooneshwa ni makisio, na kwa maneno ya Kiswahili makisio hayo hutegemea data kidogo zaidi. Neno lililoandikwa sifuri kwenye programu hizo linaweza kuwa neno linaloleta watu kila siku. Mimi huliamini zaidi neno lililojitokeza kwenye kisanduku cha YouTube chenyewe.

Sasa kichwa. YouTube inaruhusu herufi 100, lakini kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, kwa hiyo swali lenyewe likae mwanzoni. Mpishi wetu ameamua kuandika: "Jinsi ya kupika chapati laini za kusukuma, unga kilo 1". Hizo ni herufi 54 pamoja na nafasi. Sehemu ya kwanza ni maneno ya mtafutaji mwenyewe, bila kupambwa. "Za kusukuma" inamwondoa mapema mtu wa chapati za maji, na kumwondoa ni kumtendea haki yeye na video pia. "Unga kilo 1" inamwambia mtazamaji kuwa atapewa vipimo, jambo ambalo wengi hulikosa. Mwaka haukuandikwa, na usiandikwe. Somo la simu au la mfumo wa kodi laweza kuhitaji mwaka kwa sababu mambo hubadilika, lakini chapati zilizoandikwa "2023" zitaonekana zimechacha ifikapo 2026, ilhali hakuna kilichobadilika jikoni.

Maelezo chini ya video ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Wapo wanaoiacha tupu. Wapo wanaoweka viungo vya Instagram na TikTok peke yake. Wengine wamwagie humo rundo la maneno: chapati, chapati laini, chapati tamu, chapati Kenya, chapati Tanzania, mapishi, pilau, biriani. Huo mtindo wa mwisho ni hatari. Sera ya YouTube inakataza kurundika maneno ya kutafutia ndani ya maelezo, na video inaweza kuondolewa kwa ajili hiyo. Nafasi iliyopo ni herufi 5,000, inatosha kabisa kuandika kama unavyomweleza mtu.

Mistari miwili ya kwanza ndiyo yenye uzito, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kabla mtu hajagusa kufungua mengine. Ndiyo pia inayoweza kuonekana kwenye majibu ya utafutaji. Kwa hiyo salamu na "usisahau kusubscribe" zisikae hapo. Mpishi wetu anaandika hivi:

```
Jinsi ya kupika chapati laini za kusukuma, zinazochambuka
na kubaki laini hadi kesho yake, kwa unga wa ngano kilo 1.
Utaona kiasi cha maji, muda wa kulaza unga na moto wa kuchomea.

MAHITAJI (chapati 14 hadi 16)
Unga wa ngano kilo 1
Maji ya uvuguvugu ml 550 hadi 600
Chumvi vijiko vya chai 1 na nusu
Mafuta vijiko vya chakula 4, na mengine ya kupaka

0:00 Chapati zitakavyokuwa
0:25 Mahitaji na vipimo
1:40 Kukanda unga
4:10 Kulaza unga dakika 30
4:40 Kusukuma, kupaka mafuta na kukunja
7:30 Kuchoma: moto na mafuta
9:40 Kwa nini chapati huwa ngumu
```

Tazama kilichofanyika. Maneno ya mtafutaji yameingia kwenye sentensi ya kwanza, mara moja, kwa mpangilio ambao mtu angeyasema. "Zinazochambuka" limeingia pia, ingawa halimo kwenye kichwa, kwa sababu chapati hizi kweli zinachambuka. Orodha ya mahitaji humsaidia aliyeko dukani na bando lake dogo, na wakati huohuo huieleza YouTube kilichomo ndani ya video. Zile saa za pembeni hugeuka kuwa sura za video iwapo masharti yametimizwa: ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe angalau tatu, zifuatane kwa mpangilio, na kila sura iwe na sekunde 10 au zaidi. Ukianza na 0:05, hakuna sura hata moja itakayojitokeza. Sura hizo zinaweza kuonekana hata kwenye majibu ya Google, mtu akaletwa moja kwa moja kwenye dakika inayomhusu.

Ile sura ya mwisho, "Kwa nini chapati huwa ngumu", imewekwa kwa makusudi. Swali hilo lilikuwa daftarini. Linahusu chapati zilezile, na mpishi analijibu kwa dakika moja: unga ulikandwa mkavu, haukulazwa ukatulia, moto ulikuwa mdogo chapati ikakaa sana kikaangoni, au zilipotoka hazikufunikwa. Chini ya sura aandike jibu hilo kwa sentensi tatu nne. Hivyo maelezo yanabeba swali la pili bila kudanganya mtu, kwa kuwa jibu limo ndani ya video.

Lugha nayo ina mtego. Studio ya YouTube inaruhusu kuweka tafsiri ya kichwa na maelezo, na mpishi angeweza kuongeza Kiingereza ili awapate wanaoandika "soft chapati". Ila tafsiri huoneshwa kulingana na lugha ya mtazamaji kwenye YouTube, na Waswahili wengi simu zao ziko kwa Kiingereza. Mtu wa Morogoro aliyeandika kwa Kiswahili anaweza kuoneshwa kichwa cha Kiingereza, akadhani video ni ya kigeni, akapita. Ushauri wangu kwa chaneli inayosema Kiswahili: acha kichwa kiwe cha Kiswahili kwa wote, kisha ndani ya maelezo andika sentensi moja ya kawaida, mathalani kwamba Kenya wengine huziita chapo au soft layered chapati. Katika mipangilio ya video weka lugha yake kuwa Kiswahili. Ile sehemu ya Tags isikuchukulie muda. YouTube wameandika kuwa mchango wake ni mdogo, na kwamba hufaa hasa kwa maneno ambayo watu huyakosea tahajia. "Chapatti" yenye t mbili inaweza kukaa hapo.

Video ikishapanda, kazi ya kweli hurudi baada ya wiki sita au nane. Mpishi afungue YouTube Studio, aingie kwenye takwimu za video hiyo, sehemu ya Reach, aguse YouTube search. Ataona maneno halisi yaliyowaleta watu. Mara nyingi yatamshangaza. Aliweka nguvu kwenye "chapati laini", huenda akakuta wengi wamekuja kwa "vipimo vya chapati kilo moja". Basi neno "vipimo" liingie kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo, mahali pa "kiasi cha maji". Asifute video na kuipandisha upya, maana atapoteza muda wote wa kutazamwa uliokusanywa, na huo ndio unaoishikilia juu.

Takwimu mbili zinatosha kujua ugonjwa uko wapi. Ya kwanza ni asilimia ya walioioneshwa video wakaifungua. YouTube wamesema nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10. Kama video inaoneshwa mara nyingi lakini wanaofungua ni wachache, tatizo liko kwenye kichwa au picha ya jalada. Ya pili ni mchoro wa wanaobaki. Kama wanafungua wengi lakini theluthi mbili wameondoka kabla ya sekunde 30, kichwa kimeahidi ambacho mwanzo wa video hauonyeshi. Pengine mpishi anasalimia dakika nzima kabla ya kugusa unga. Hapo kubadilisha maneno ya maelezo hakutasaidia kitu. Na kama video haioneshwi kabisa, swali lililochaguliwa ama haliulizwi, ama lina msongamano mkubwa. Video inayokwenda vizuri, kichwa chake kiachwe kilivyo.

Majira nayo yahesabiwe. Vyakula vya futari hutafutwa zaidi Ramadhani ikikaribia, na Ramadhani huanza mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka: mwaka 2024 ilianza karibu na Machi 11, mwaka 2025 karibu na Machi 1. Anayepandisha somo la kaimati siku ya kwanza ya mfungo amechelewa, kwa kuwa video mpya huhitaji muda kujulikana inajibu swali gani. Miezi miwili kabla inatosha. Mwaka unaofuata, wiki chache kabla ya mwezi kuandama, arudi kwenye maelezo ya video hiyohiyo ahakikishe viungo vinafunguka na vipimo vimeandikwa, bila kutaja mwaka.

Na ikiwa kwenye orodha ya maneno yaliyowaleta watu linazidi kuonekana "chapati za biashara", mpishi asilisukumize kwenye video ya zamani. Hao wanataka hesabu: gramu za donge moja, chapati ngapi kwa kilo, mafuta kiasi gani kwa chapati 50, namna ya kuzihifadhi zisishikane hadi saa nne asubuhi. Arekodi somo la pili lenye kichwa chake, kisha kwenye maelezo ya lile la kwanza, chini ya mahitaji, aweke mstari mmoja wenye kiungo: "Unapika za kuuza? Hesabu ya kilo 5 iko hapa."